Kuchagua mada ya chaneli ukiwa bado hujabobea

"Napenda baiskeli, upigaji picha, bustani na historia, ila hakuna ninachokijua kwa undani. Nichague kipi?"

Ndugu, chukua karatasi nne, moja kwa kila mada, uandike vichwa 30 vya video bila kufungua mtandao. Tuseme historia inakwama kwenye cha 8, baiskeli inafika 26 na bado unaandika. Basi anza na baiskeli.

Sasa vipitie vichwa vyenyewe. "Mfumo wa gia unavyofanya kazi" kinamtaka mtaalamu, na hao wapo tele. "Nimeweka kebo mpya, mnyororo unarukaruka" kinamtaka mtu aliyehangaika nayo juzi. Kebo mpya hulegea kidogo baada ya siku chache, na dawa yake ni kuzungusha kile kirekebishio cha kebo robo mzunguko, kujaribu gia, kisha robo nyingine. Fundi mzoefu hulisema hilo kwa sekunde tano na kuendelea. Wewe utaonyesha ulivyozungusha upande usio sahihi, na mtazamaji atajiona humo. Ila sema wazi kwamba unajifunza, na breki usizifundishe kwanza, maana kosa lako linaweza kumvunja mtu mguu.

Toa video kama 10 za mada hiyo hiyo kabla ya kuhukumu. Watu wakiondoka ndani ya sekunde 30 za mwanzo, mara nyingi tatizo ni utangulizi mrefu, kwa hiyo rekebisha huo kabla ya kubadili mada. Upigaji picha hautapotea: utautumia kila unapoweka kamera karibu na mnyororo.