Kupanga upya noti ya printa iliyokwama

"Noti yangu inasema: 'Foleni ya printa imekwama, nimezima spooler, nikafuta faili, nikawasha, ikachapa.' Niigawe vipi iwe makala ya dalili, chanzo, suluhisho na kinga?"

Habari ndugu. Anza na dalili, uiandike kama mtumiaji anavyoiona, maana ndivyo atakavyoitafuta: "Hati inabaki kwenye foleni, ukiifuta inaandika Deleting na haiondoki."

Suluhisho unalo tayari. Weka amri zenyewe, na kwamba Command Prompt ifunguliwe kwa Run as administrator:

```
net stop spooler
del /Q %systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*.*
net start spooler
```

Onyo likae juu ya amri, si chini: zinafuta kazi zote zinazosubiri kwenye kompyuta hiyo, hata za wengine. Malizia na kipimo: foleni iwe tupu, kisha ukurasa wa majaribio utoke.

Chanzo ndipo wengi wanapoteleza. Noti yako inathibitisha tu kwamba kulikuwa na kazi iliyokwama. Haisemi iliharibiwa na nini. Usiilaumu draiva. Kwa hiyo kinga kwa sasa ni moja: kabla ya kufuta, andika jina la hati, mwenye nayo na programu aliyochapia. Hati ileile ikirudia, hapo utakuwa na chanzo cha kuandika.