Kipara umemsingizia mamako, na kofia ya babako je?

*Shangazi shikamoo. Mi nakaa Malindi, nina miaka 31. Nywele zangu zilianza kuondoka kwenye panja nikiwa na 24, sahizi hata utosini kuko wazi. Hii nimeitoa kwa mamangu, babake alikuwa na kipara cha kung'aa na kila mtu anajua upara hutoka kwa mama. Kwa babangu hakuna, yeye kofia haimtoki kichwani lakini nywele anazo, na baba zangu wadogo wananyoa zote kwa kupenda tu. Sasa nina mtoto wa kiume wa miaka 3. Babamkwe huko Amu ana miaka 70 na nywele zimemjaa, nikamwambia mke wangu basi mtoto amesalimika. Akacheka mpaka akakaa chini, ati "huyo mwanao, atakuwa kama wewe". Mbele ya dadake! Maneno yakawa mengi, akaenda kwao, hii ni wiki ya 3. Mwambie aniombe msamaha.*

Marahaba mwanangu. Panja kuondoka ukiwa na 24 kunauma, wenzako bado wanachonga fenki kwa kinyozi na wewe unatafuta kofia. Pole.

Haya pole imeisha. Mwanamke hapandi basi mpaka Mokowe na boti juu yake, na mtoto mgongoni, kwa sababu alicheka yeye. "Maneno yakawa mengi", ya nani hayo? Umeandika kicheko chake neno kwa neno, ulichosema wewe umekimeza. Na nakisia mamako naye amekula hayo maneno miaka 7 hii, kila ukijiangalia kwenye kioo.

Sasa tuje kwa babako. Mwanamume asiyetoa kofia hata nyumbani kwake, wewe hizo nywele zake umeziona lini? Na hao ndugu zake, wote kwa pamoja walipenda tu kunyoa? Sisi watu wa pwani tuna shida hii, ukoo mzima unaweza kuwa na vipara na hakuna anayejua maana kofia ya vito imefunika kila kitu, halafu babu mmoja wa upande wa mama akionekana anatawadha kichwa wazi ndo anabebeshwa lawama za watu wote. Muulize mamako, yeye ndiye aliyelala naye. Au tafuta picha yake ya kitambulisho, ya zamani.

Hilo la mama si uongo mtupu, ni nusu ya maneno. Mwanamume ana kromosomu X moja na Y moja, Y umepewa na babako, X na mamako, hapo hapana ubishi. Na kwenye hio X kuna jeni inayotengeneza kipokezi cha homoni za kiume. Homoni inaitwa DHT ikishika kwenye hicho kipokezi, kwa mtu aliyerithi wepesi huo, shina la nywele linasinyaa, kila unywele ukidondoka unaofuata unatoka mwembamba na mfupi zaidi mpaka unabaki kama malaika wa mkononi. Hio jeni ilihusishwa na upara mwaka 2001 na katika jeni moja moja ndio yenye nguvu kuliko zote. Watu wakaskia hapo wakafunga masikio, wakasema basi ni babu mzaa mama.

Lakini mamako ana X mbili, moja ya babake na moja ya mamake, na wewe kakupa moja tu, mara nyingi imechanganywa vipande vya zote mbili. Kwa hivyo ile jeni ya babu ulikuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kuipata, ndo maana utaona ndugu tumbo moja, mmoja ana nywele mwengine anang'aa. Na wajomba zako X zao zimetoka kwa bibi peke yake, babu hakuwapa hata chembe, maana baba hampi mwanawe wa kiume X. Kwa hivyo ukitaka kuujua upande wa mama angalia babu NA wajomba. Wewe wajomba hata hukuwataja.

Halafu kuna yaliyobaki, na ndo mengi. Mwaka 2017 huko Uingereza walipima wanaume zaidi ya 52,000 wakapata sehemu 287 za urithi zinazohusiana na upara, zilizo kwenye X ni 40 tu. Zile 247 ziko kwenye kromosomu nyengine, ambazo nusu anakupa mama na nusu baba. Na utafiti wa Marekani wa 2004 ulikuta mwanamume ambaye babake alipoteza nywele ana uwezekano mara 2.5 wa kupoteza zake kuliko ambaye babake hakupoteza. Hilo haliwezi kupita kwa X, si nimekwambia X baba hampi mwana?

Basi mlete mwanao hapa tumhesabu. X yake yote ni ya mkeo. Ile jeni huenda imetoka kwa babamkwe, na mzee mwenye nywele tele akiwa na 70 ni habari njema. Au imetoka kwa mamamkwe, na hapo waangalie mashemeji zako, hao ndo wamebeba X ya mama yao. Wamefika 40 na nywele zao? Lakini kromosomu 22 amepewa na wewe, na wewe ulianza 24. Umri wa kuanza ndo wa kuuliza, si kama mtu ana kipara tu, maana kipara cha miaka 65 kila ukoo unacho. Baba aliyeanza mapema ni alama nzito zaidi kuliko babu aliyeanza uzeeni. Kwa hivyo mkeo alipocheka alisema kweli, alizidisha tu kusema "atakuwa", angesema "huenda". Hata hao Waingereza na jeni zote hizo mkononi wanaweza kutenganisha makundi, huyu mmoja mmoja hawamjui, tena waliopimwa ni wazungu, kwa hivyo usije ukatuma pesa kwa vile vipimo vya mate vya mtandaoni ukidhani vitakusomea kichwa cha mtoto wa Malindi.

Na akitoka duara la upara kichwani sasa hivi, na magamba, usiseme urithi. Hayo ni mashilingi, mpeleke hospitali apewe dawa ya kunywa.

Vijana wa siku hizi mnanichosha. Zamani watu waligombana kwa mahari na mashamba, nyinyi mnaachana kwa nywele za mtoto ambaye hata shule hajaanza. Mkeo alikuoa, samahani, ulimuoa yeye na panja lako likiwa tayari wazi, akakukubali. Hakucheka kichwa chako, alicheka hesabu yako.

Jengine nikwambie kabla hujapanda basi. Mungu akikujaalia binti, huyo utampa X yako nzima nzima. Atazaa wavulana, nusu yao wataipata jeni yako hio, na babu mzaa mama atakuwa wewe. Wakikusimanga utasema nini?

Msamaha unauomba wewe, na unaanza kwa mamako. Halafu nenda Amu, na ukifika kwa wakwe vua kofia.