Bando lililobaki likikaribia kuisha muda

"Nina GB 4 kwenye bando la mwezi na kesho linaisha muda. Nikinunua jingine leo, hizi zinapotea?"

Habari ndugu. Kabla ya kulipa, angalia salio la bando na usome saa ya mwisho, si tarehe tu. Mitandao mingi huhesabu kuanzia dakika uliyonunua, kwa hiyo bando la saa tisa alasiri linaweza kukata saa tisa alasiri, siyo usiku wa manane.

Kisha soma masharti ya bando lako. Pale ambapo kuhamisha salio kunaruhusiwa, sharti la kawaida ni kununua bando lilelile kabla la zamani halijaisha. Ukiwa na GB 4 na ukaongeza GB 10 za aina ileile, unapaswa kuona GB 14 zenye tarehe mpya. Mimi niliwahi kununua la wiki nikidhani litaokoa la mwezi. Yakakaa mafungu mawili, na la mwezi likafa kwa tarehe yake. Iliniuma sana, kwa sababu nilikuwa nimelipa kamili.

Ukishanunua, angalia salio tena papo hapo. Ukiona mafungu mawili, tumia kwanza linaloisha mapema, au mgawie mwenzako kama mtandao wako unaruhusu.

Likikatika bila taarifa au kabla ya saa iliyoandikwa, lalamika kwa mtandao kwanza na uombe namba ya malalamiko. Wasipojibu, mpelekee mdhibiti wa mawasiliano namba hiyo pamoja na ujumbe wa ununuzi. Usiufute.