Chupa ya saa nane iko rafu gani

Swali la wiki: "Jumapili ya tatu ya Juni mitandao hujaa picha za akina baba wapya, na chini yake wanaandika 'maisha yangu yamebadilika kabisa'. Je, kweli wamebadilika, au ni maneno ya picha tu?"

Mhariri, mimi ni nesi wa kliniki ya mama na mtoto hapa Temeke, na swali lenu limenigusa pabaya. Kuhusu mioyo ya akina baba sina la kusema. Ninachokiona mezani kwangu ni kadi ya mtoto, na kadi inasema wazi kazi gani ya mtoto imehamia mikononi mwa nani. Picha nyingi mnazozisema, ukimuuliza mwenyewe mtoto jana amekojoa mara ngapi, anamgeukia mkewe. Huyo kabadilisha picha ya wasifu tu.

Tuseme ukweli pia, sheria yetu haimpi baba nafasi kubwa. Mama aliyeajiriwa anapata likizo ya siku 84. Baba anapata angalau siku 3, tena azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Siku 3 zinaishia kununua kanga, kupokea wageni na kumrudisha mama mkwe stendi. Kwa hiyo kwa baba wengi mabadiliko hayaanzi pale leba. Yanaanza wiki ya 12, siku mama anaporudi kazini na mtoto anabaki na maziwa yaliyokamuliwa. Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu mwaka huu kuna baba mmoja alinifanya nipunguze ukali.

Alikuja na mtoto wa kike kwa chanjo ya wiki ya 14, peke yake. Yeye ni mlinzi wa zamu ya usiku, mkewe yuko kazini mjini. Mama anaondoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa kumi na mbili jioni, foleni ikiruhusu. Baba anafika nyumbani saa moja asubuhi, anampokea mtoto kutoka kwa bibi, na analala pale mtoto anapolala. Tukampima. Wiki ya 10 alikuwa na kilo 5.3, sasa alikuwa na kilo 5.6. Umri ule, kwa wiki nne, nategemea nione gramu 600 hivi. Gramu 300 maana yake mstari kwenye kadi umeanza kulala, na mstari ukilala lazima uulize kabla haujageuka kushuka.

Swali la kwanza huwa ni "ananyonyaje?" na jibu la akina baba huwa ni "vizuri tu, sista". Huyu alitoa simu. Alikuwa ameandika kila mlo: saa, ametoa mililita ngapi, zimebaki ngapi, nepi ngapi zimelowa. Niseme kweli, akina mama wachache huniletea kumbukumbu ya namna ile.

Tukaisoma pamoja. Mama alikuwa anaacha chupa tatu za mililita 150, jumla 450. Hesabu ya kawaida ya mtoto anayekula maziwa ya mama tu ni mililita 25 hadi 30 kwa kila saa anayokuwa mbali na mama. Saa 13 ni kati ya 325 na 390. Kwa hiyo kwenye friji maziwa yalitosha na kubaki. Lakini tazama kilichokuwa kinatokea. Saa mbili asubuhi baba anapasha chupa nzima. Mtoto anakunywa 80, anafunga mdomo. Zinabaki 70 ambazo zimeshaguswa na mate na zimeshapashwa. Alikuwa ameambiwa maziwa yaliyobaki baada ya mtoto kunywa yasikae zaidi ya muda wa saa mbili, na ni kweli, kwa hiyo akawa anamwaga. Saa tano hivyohivyo. Saa nane hivyohivyo. Mchana mtoto amekunywa 240, na 210 zimekwenda kwenye sinki. Saa kumi na moja jioni mtoto analia, friji haina kitu, na bibi kwa huruma yake anampa maji ya glukosi kwa kijiko.

Hapo kuna hasara mbili. Ya kwanza ni zile mililita 100 hivi zinazopungua kila siku. Ya pili haionekani haraka: tumbo lililojaa maji ya sukari saa kumi na moja halinyonyi kwa nguvu mama akirudi saa moja baadaye, na titi lisiponyonywa vizuri linapunguza kutengeneza. Mama naye alikuwa ameshaanza kuona maziwa yake yanapungua na kudhani ni uchovu. Nepi zilitoboa siri mapema kuliko mizani. Wiki ya kwanza simu ilionyesha nepi 7 kwa siku, wiki ya pili 5. Mtoto wa umri huo akishuka chini ya 6 kwa siku, usisubiri kliniki ijayo.

Ona pia kwamba baba hakukosea kumwaga. Tatizo lilikuwa ukubwa wa chupa. Tukagawa upya: vyombo sita vidogo vyenye mifuniko, kila kimoja mililita 60, na viwili vya 30 vya kuongezea. Jumla 420. Anapasha 60, anampa, anamwinua begani na kumcheulisha, anasubiri dakika tano. Mtoto akiendelea kutafuta kwa mdomo, anapasha 30. Akigeuza uso, basi, na kilichobaki hakijaguswa kiko salama kwenye friji. Mgao huo haukumtaka mama akamue hata tone moja zaidi ya alivyokuwa anakamua.

Kupasha nako kuna namna yake. Unaweka chombo ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, si jikoni juu ya moto, wala si kwenye maikrowevu, maana ile hupasha sehemu moja ikaunguza ulimi huku nyingine ikiwa baridi. Maziwa ya mama yakikaa hujitenga, mafuta yanapanda juu, na chini yanaonekana maji maji. Hapo ndipo wengi husema "maziwa ya mke wangu mepesi". Zungusha chombo taratibu mpaka yachanganyike, kisha dondoshea kwenye kifundo cha mkono: usisikie moto wala baridi.

Tulihama pia kutoka kwenye chupa ya chuchu kwenda kikombe kidogo, kwa sababu chuchu ina kona ambazo brashi haifiki na nyumba ile maji ni ya ndoo. Mtoto akae wima mapajani, mikono imefungwa kwa kanga isipige kikombe. Kingo za kikombe ziguse mdomo wa chini, uinamishe mpaka maziwa yaguse midomo, halafu subiri. Mtoto atayaramba na kuyavuta mwenyewe. Ukimiminia, atapaliwa. Siku za mwanzo yatamwagika kwenye shingo, na ndiyo maana ya kuweka kitambaa kidevuni: kikiwa chepechepe, usihesabu kwamba 60 zote zimeingia tumboni.

Kuhusu kuhifadhi, joto la Dar halina utani. Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi yanavumilia mezani kwa muda wa hadi saa nne kama chumba hakizidi nyuzi 25, na chumba cha Temeke mwezi Februari kinazidi, kwa hiyo yakifika nyumbani yaende friji moja kwa moja. Kwenye friji hukaa hadi siku nne, yakiwekwa ndani kabisa nyuma, siyo mlangoni ambako kila anayetafuta maji baridi anayapasha joto. Bandika plasta, andika siku na saa, tumia ya zamani kwanza. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hushikilia baridi kama saa nne. Kwa hiyo kabla ya kulaumu, angalia salio la LUKU jioni. Yaliyogandishwa yakishayeyuka yote hayarudi friza. Yatumike ndani ya siku moja, yakiwa friji.

Na upande wa mama: sheria inampa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Yeye hawezi kuja Temeke na kurudi, lakini alizungumza na msimamizi wake akapewa muda huo kwa vipande, akamue mara tatu, akiweka kwenye kiboksi chenye barafu. Muhimu zaidi kuliko wingi ni kutopitisha saa tatu au nne titi likiwa limejaa. Aliyekwenda kununua kile kiboksi Kariakoo ni baba, na anayekiosha kila jioni kabla ya zamu ni yeye. Bibi naye aliitwa, si kwa kugombezwa. Aliambiwa tu kwamba saa kumi na moja jioni sasa kuna chombo chenye jina la mjukuu wake, na kwamba kabla ya miezi sita hahitaji hata maji matupu.

Baada ya wiki mbili walirudi. Kilo 5.95. Gramu 350 kwa wiki mbili ni mtoto aliyekuwa na njaa na sasa anakula. Nepi zilirudi 7.

Jumapili ile ya Juni nikaona picha yake. Yeye, mtoto, fulana ya kazini yenye doa la maziwa begani. Chini kaandika: "Siku yangu ya kwanza ya Akina Baba. Mwaka jana nilijua ratiba ya ligi kwa kichwa. Mwaka huu najua chupa ya saa nane iko rafu gani. Sikutegemea."

Nilianza barua hii nikitaka kusema picha hizi ni kelele, na bado wengine nawaona hivyo. Pia inaniudhi kwamba mama anayefanya kazi hiyohiyo kila siku hapigiwi makofi na mtu. Lakini kwa swali lenu nitajibu: ndiyo, wapo waliobadilika, na waandike. Ila jibu langu lina mipaka. Baba niliyemwona ana zamu ya usiku, ndiyo maana mchana alikuwepo, na wengi hawana nafasi hiyo hata wakitaka. Baba ambaye mkewe yuko nyumbani na ananyonyesha mwenyewe hana haja ya vyombo sita. Kazi yake ni nyingine: nepi, maji ya kunywa ya mama, kubeba mtoto saa tisa usiku baada ya kunyonya. Na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au anayetumia maziwa ya kopo, hesabu zangu za mililita zisimguse. Aje na kadi tumpangie za kwake.

Msomaji, Temeke