Maji mafu si bahari shwari

Wewe unayeanza kazi ya kuandika upya maelezo ya uvuvi, nikupe kosa langu mapema. Nililetewa aya hii niitie lugha ya wavuvi: "Usiku wa mwezi mpevu mvuvi alipandisha tanga la boti yake, akafika mwambani, akashusha uzi wenye kipande cha risasi. Maji yalikuwa yametulia."

Nilianza na vitenzi, na hapo sikukosea. Tanga halipandishwi, hutwekwa, ukifika, hutuliwa. Nanga hutiwa, kisha hung'olewa. Boti ile ilikuwa na matengo na ndubi mbili za kuizuia isipinduke, basi ni ngalawa. Uzi ukawa mshipi, na kile kipande cha risasi kikawa chubwi. Mgeni hukimbilia majina ya vitu, lakini mvuvi humjua mgeni kwa vitenzi.

Mwisho, kwa kujifurahisha mwenyewe, "maji yalikuwa yametulia" nikaigeuza "yalikuwa maji mafu". Nikaenda kumsomea mzee mmoja wa Nungwi. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, mwezi mpevu na maji mafu wapi na wapi?"

Nilidhani maji mafu ni bahari isiyo na mawimbi. Hiyo ni shwari, na shwari ni habari ya upepo. Maji mafu ni habari ya mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na huku kwetu tofauti ya kujaa na kupwa hufika kama mita 4. Mwezi ukiwa nusu, yaani siku ya saba au ya nane hivi, na tena ya ishirini na mbili, tofauti hiyo hupungua sana na mkondo hulegea. Hayo ndiyo maji mafu. Bahari inaweza kuchafuka kwa kusi siku ya maji mafu, na ikawa shwari kabisa siku ya bamvua.

Kwa hiyo neno langu lilikuwa la wavuvi kweli, ila lilikanusha sentensi ya kwanza. Nilikuwa na njia mbili: kuhamisha usiku ule hadi mwezi nusu, au kuuacha mwezi na kubadili maji. Mvuvi mwenye habari alisema mwezi ulikuwa mpevu, basi nikaandika:

"Bamvua la mwezi mpevu, bahari shwari. Alitua tanga, akatia nanga mwambani, akashusha mshipi. Mkondo ukauburura, akaongeza chubwi."

Ile chubwi ya pili haikuwamo katika aya ya asili. Ilinibidi nirudi kwa mwenye habari nimuulize kama aliiongeza, maana lugha ya wavuvi hainipi ruhusa ya kutunga. Akaniambia aliongeza mbili.

Maneno ya wavuvi hubadilika pwani hadi pwani, basi ukifika Pemba usishangae ukisahihishwa tena. Andika neno la huko habari ilikotoka.