Krimu ya baridi haikutani na sukari ya moto

Kovu dogo lililo kwenye kifundo cha mkono wangu wa kulia nililipata jikoni kwetu Langoni, Lamu, siku ya kwanza nilipopika sosi ya karameli ya kumiminia mkate wa mayai. Nilitoa krimu kwenye friji nikaimwaga yote kwa mpigo. Sufuria ikafura hadi juu, matone yakaruka, na chini sukari ikaganda pande kama jiwe, imenatia mwiko.

Sukari ikifika rangi ya kahawia huwa na joto la karibu digrii 170, na maji huchemka kwa 100. Kwa hiyo maji yaliyomo kwenye krimu yanageuka mvuke papo hapo, ndiyo maana inaruka. Ubaridi nao unaigandisha sukari kabla haijachanganyika.

Sasa natumia sufuria yenye kina, ile ambayo ukiitazama unasema ni kubwa mno. Natia sukari kikombe kimoja, maji robo kikombe na matone machache ya ndimu, kama tunavyofanya kwenye shira ya kaimati ili isirudi chengachenga. Naikoroga mpaka sukari iyeyuke; ikianza kuchemka siigusi tena kwa mwiko, naizungusha sufuria tu. Pembeni napasha krimu nusu kikombe hadi itoe mvuke bila kuchemka.

Rangi ikiwa kama ya chai ya rangi iliyokolea, nazima moto. Hapo usizubae, kwani sufuria yenyewe bado inapika, na dakika moja tu yatosha kuleta uchungu. Namimina krimu kidogo kidogo, uso nimeuweka mbali, huku nakoroga kwa mwiko mrefu. Povu likipanda nasimama, likishuka naendelea. Mwisho natia siagi vijiko vitatu vikubwa na chumvi kidogo.

Mabonge yakitokea, usiyatupe. Rudisha sufuria kwenye moto mdogo kabisa, ukoroge taratibu. Baada ya dakika chache yatayeyuka. Kikibaki kipande kikaidi, pitisha sosi kwenye chujio.

Ikipoa, naiweka kwenye chupa ya kioo iliyo safi na kavu, nafunika, na kuiingiza kwenye friji. Hukaa vizuri kama wiki mbili. Nachota kwa kijiko kikavu, maana kijiko kilicholambwa huiharibu mapema. Itakuwa nzito, hilo ni kawaida: chota unayohitaji tu, uipashe kwenye kibakuli juu ya maji ya moto. Ikiwa na chengachenga, ni sukari iliyoganda, ipashe moto itakaa sawa. Ila ukiona ukungu, au harufu ya maziwa yaliyochacha, mwaga yote. Na umeme ukikatika kwa muda mrefu, tuseme zaidi ya masaa manne, friji ikapoteza ubaridi, mimi siihesabii tena zile wiki mbili. Naimwaga, kwa sababu ina maziwa ndani yake.