Mawe ya gabioni: kwa nini ujazo wa lori si ujazo wa kikapu

Kwenye kazi za gabioni, yaani kuta za vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, huku Malindi kinachokwamisha watu si waya wala fundi. Ni mawe kuisha ukuta ukiwa bado haujafika juu, mvua za masika nazo ziko mlangoni. Mwenye shamba anamlaumu dereva, dereva anamlaumu fundi, na mara nyingi kosa lilifanyika kabla ya jiwe la kwanza kupakiwa, kwenye karatasi ya hesabu.

Chanzo chake ni kwamba mawe yana nafasi tupu kati yake, na nafasi hizo hubadilika kulingana na jinsi yalivyowekwa. Mawe yaliyomwagwa kwenye lori hukaa ovyo, na karibu asilimia 45 ya ujazo unaouona ni hewa. Mawe hayohayo yakipangwa kwa mkono ndani ya kikapu, hewa hushuka hadi asilimia 35 hivi. Kwa hiyo mita moja ya ujazo ndani ya lori ina jiwe lenyewe 0.55, lakini mita moja ya ujazo ya kikapu inataka jiwe 0.65. Ukigawanya 0.65 kwa 0.55 unapata 1.18. Ongeza asilimia 5 kwa mawe madogo yanayopenya kwenye matundu ya waya na yanayobaki yamezama mchangani. Jumla inakuwa karibu 1.24:

```
ujazo wa kuagiza = ujazo wa vikapu × 1.24
```

Wapo wanaosikia habari za hewa ya asilimia 35, wakazidisha ujazo wa vikapu kwa 0.65 na kuagiza hiyo. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Ile 0.65 ni jiwe tupu, kana kwamba umeliyeyusha ukalimimina, na hakuna lori linalouza jiwe la namna hiyo. Namba hiyo inafaa tu ukitaka kujua uzito, kwa mfano pale muuzaji anapouza kwa tani.

Sasa tuchukue kazi moja tuihesabu yote. Kuna korongo linaloshusha maji ya mvua kuelekea mto Sabaki, na ukingo wake umemegeka kwenye udongo mwekundu wa kichanga. Chini umemegeka urefu wa mita 10, juu mita 8. Tunataka ukuta wa mita 3 kwenda juu, nusu mita ya chini ikiwa imefukiwa. (Kwenye kingo za Sabaki yenyewe ni habari nyingine: huko kunataka mhandisi, na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Hata ukuta unaozidi mita 3 popote pale tusingeujenga kwa kukadiria.)

Ncha za ukuta lazima ziingie kwenye udongo mzima, mita moja kila upande, la sivyo maji yatazunguka pembeni na kuuacha ukuta umesimama peke yake. Kwa hiyo safu ya chini ina urefu wa mita 12, ya kati 11, ya juu 10. Unene nao hupungua kadiri unavyopanda: chini mita 2, katikati mita 1.5, juu mita 1. Uso wa mbele unakuwa sawa, ngazi zinabaki nyuma, na udongo unaorudishwa juu ya ngazi hizo unasaidia kuukandamiza ukuta.

Safu ya chini inachukua vikapu 12 vya mita 2 kwa 1 kwa 1, kila kimoja kikilazwa kichwa mbele, yaani urefu wake ukiingia ndani ya ukingo. Safu ya kati ni vikapu 11 vya mita 1.5 kwa 1 kwa 1, navyo kichwa mbele. Safu ya juu ni vikapu 5 vya mita 2 kwa 1 kwa 1, vikilazwa kufuata urefu wa ukuta. Kwa kuwa kila safu inaanza nusu mita ndani ya ile iliyo chini yake, maungio ya safu mbili hayakutani. Watu husahau jambo hili wanapohesabu vikapu kwa kugawanya ujazo tu. Ujazo utatimia, lakini maungio yatapanda mstari mmoja kutoka chini hadi juu, na mstari huo ndio ukuta utakaofungukia.

Mbele ya ukuta, sakafuni mwa korongo, tunatandika godoro la mawe, yaani kikapu bapa cha mita 3 kwa 2 chenye kina cha sentimita 30. Magodoro 4 yanatosha urefu wa mita 12. Yanashonwa kwenye vikapu vya chini, na maji yakichimba mbele yake, yanajikunja na kuziba shimo badala ya msingi kuning'inia.

Ujazo basi ni huu: vikapu 17 vya mita 2 vinabeba 34, vikapu 11 vya mita 1.5 vinabeba 16.5, magodoro 4 yanabeba 7.2. Jumla ni mita za ujazo 57.7. Zidisha kwa 1.24, unaagiza 72. Kati ya hizo, mita 9 ziwe mawe madogo ya sentimita 9 hadi 15 kwa ajili ya magodoro, ambayo matundu yake ni sentimita 6 kwa 8. Zilizobaki ziwe mawe ya sentimita 12 hadi 25 kwa vikapu vyenye matundu ya 8 kwa 10.

Tazama kingetokea nini ungeagiza 57.7 kamili, kikapu kwa lori. Mawe hayo yakipangwa yanajaza karibu 49 tu, hata kabla ya kutoa yanayopotea. Unapungukiwa na mita 9, ambazo ni karibu safu nzima ya juu. Ungeagiza kwa ile hesabu ya 0.65, yaani 37.5, usingeimaliza hata safu ya kati.

Lori lipimwe kwa futi ya utepe, usiulize tu ni la tani ngapi. Bodi ya mita 4 kwa 2.2, mawe yakifika urefu wa sentimita 80 yakiwa yamesawazishwa, inabeba mita za ujazo 7. Kilima cha katikati kisikudanganye, maana pembeni huwa kuna bonde. Safari 11 zinatosha, na ya mwisho usiiite mpaka uone umebakiza vikapu vingapi. Kwa mawe magumu, safari moja kama hiyo ina uzito wa karibu tani 10, kwa hiyo lori dogo likikuambia linabeba mita 7 za ujazo, ama bodi yake haijai ama linavunja sheria barabarani.

Safari hiyohiyo ni kipimo kizuri cha kazi. Mita 7 za lori zinapaswa kujaza vikapu vya mita 2 karibu vitatu, pungufu kidogo. Zikijaza vitatu na nusu, usifurahi: mafundi wanapanga uso vizuri na kumwaga ovyo katikati. Ingiza mtaimbo kutoka juu. Ukizama bila kugonga, humo mna pango, na kifuniko kitabonyea mawe yakishuka. Zikijaza viwili na kidogo, ama lori lilikuja pungufu, ama vikapu vimevimba matumbo.

Tumbo hutokana na mambo mawili. La kwanza ni kujaza kikapu kabla hakijavutwa. Vikapu vitupu vishonwe pamoja kwanza, vinyooshwe kwa mtaimbo hadi pembe zikae sawa, ndipo mawe yaingie. La pili ni kuacha nyaya za ndani za kushikanisha uso na mgongo. Kikapu cha kimo cha mita moja kinajazwa kwa tabaka tatu za sentimita 33. Kila moja ya tabaka mbili za mwanzo ikijaa, funga nyaya mbili kwa kila mita ya uso, upate nne kwa mita ya mraba. Fundi anayejaza mpaka juu kwa mkupuo mmoja hana tena pa kuzipitishia. Tabaka la mwisho lipite ukingo wa kikapu kwa sentimita 3 hadi 5, kwa sababu mawe yatashuka. Kushonea, kata waya mara moja na nusu ya urefu wa ukingo, na uzungushe mara moja, kisha mara mbili, kila sentimita 10 hadi 15.

Aina ya jiwe inabadilisha mambo kuliko watu wanavyodhani. Jiwe la machimbo ya hapa pwani, lile jepesi la matumbawe ya kale tunalojengea nyumba, ni la karibu na ni rahisi kupata, lakini ukuta wa gabioni unasimama kwa uzito wake. Jiwe gumu lina kilo 2.6 kwa lita, na kikapu chake kilichopangwa kinafika karibu tani 1.7 kwa mita ya ujazo. La matumbawe likiwa na kilo 1.9 kwa lita, unapata tani 1.24 tu. Ukuta wa vipimo vilevile unakuwa mwepesi kwa zaidi ya robo, na jiwe lenyewe humomonyoka pembe linapogongana na wenzake. Kupima si kazi: pima jiwe kwa mizani, litumbukize kwenye ndoo iliyojaa pomoni, kisha pima maji yaliyomwagika. Gawa kilo kwa lita. Likiwa chini ya 2.2 tusingelitumia kwenye ukuta, ingawa ndani ya ngazi ndogo za shambani za nusu mita linavumilika. Mawe bapa ya Galana, yale ya kutandika sakafu, yanapendeza usoni, lakini ukiyapanga bila kuyapishanisha yanajenga madaraja yenye utupu chini yake. Kuchukua mawe baharini usifikirie. Matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi yamelindwa tangu 1968.

Kwa waya, karibu na bahari chagua ule wenye koti la plastiki juu ya zinki. Chumvi hula zinki tupu mapema, na huanzia palipokwaruzwa na jiwe lililotupwa kwa nguvu. Mawe ya usoni yawekwe kwa mkono.

Msingi uuchimbe ukiinamia ukingoni, sentimita 10 kwa kila mita, yaani nyuma ya safu ya chini iwe chini ya mbele kwa sentimita 20. Udongo wetu wa kichanga hupita kwenye mawe kama unga kwenye chekeche, kwa hiyo kitambaa cha kuchujia ni lazima: mgongoni mita za mraba 33, juu ya ngazi 14, chini ya ukuta 24 na chini ya magodoro 24. Hizo ni 95. Ukiongeza mapishano ya sentimita 30, nunua 115. Kitambaa kikikosekana, ishara ya kwanza ni mashimo madogo juu ya ukuta baada ya mvua kubwa, na maji mekundu yanayotoka kati ya mawe siku nyingi baada ya mvua kukatika. Hapo kuongeza mawe hakusaidii. Udongo wa mgongoni ufukuliwe, kitambaa kiwekwe, na urudishwe kwa tabaka za sentimita 20 zilizoshindiliwa.